Rangi za ngozi kwenye michoro ya Misri ya kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wanabishana kama Wamisri wa kale walikua weusi au weupe, na ushahidi wanaouleta mara nyingi ni rangi za michoro na sanamu hizi.

Kwa nini wanaume wamepakwa wekundu na wanawake wa njano?

Kwa sababu ndo utaratibu waliojiwekea, na waliushika kwa muda mrefu sana. Mfano unaoonyesha vizuri ni Rahotep na mkewe Nofret, sanamu mbili za chokaa zilizotolewa kaburini Meidum mwaka 1871, sasa hivi ziko makumbusho ya Kairo. Ni za nasaba ya 4, yaani karibu 2600 KK. Wamekaa pembeni pembeni kama wanapigwa picha ya harusi, mume ni kahawia nyekundu iliyokolea, mke ni njano iliyopauka kama krimu, na tofauti ni kubwa kiasi kwamba mtu akiwaangalia haraka anasema hawa wametoka mabara mawili tofauti. Hapana, ni wanandoa wa tabaka moja, familia za karibu na ikulu, wote Wamisri. Mchoraji alikua anakwambia huyu mwanaume, huyu mwanamke, basi.

Na sio Misri peke yake jamani. Krete, Ugiriki na kwa Waetruski wa Italia ya kale walikua na mtindo unaofanana na huu, mwanaume mweusi zaidi mwanamke mweupe zaidi, na hakuna anayesema wanawake wa Kigiriki walikua kabila lingine na waume zao.

Si labda wanawake walikua weupe kweli maana walishinda ndani?

Hili linajibiwa sana hivo, hata vitabuni: mwanaume yuko juani, mwanamke yuko kivulini. Inawezekana kabisa wazo lilianzia hapo, sikatai. Lakini ukiangalia ni nani hasa amepakwa rangi gani, jua halitoshi kueleza. Pale Luvre Parisi kuna yule karani maarufu aliyekaa kakunja miguu, alipatikana Sakara mwaka 1850, kazi yake ni kukaa chini na kuandika, tena tumbo limeanza kulegea, mtu wa ofisi kabisa, na bado ni mwekundu. Upande wa pili kuna vijisanamu vya wanawake wanaosaga nafaka wameinama na jasho lao, mara nyingi ni wa njano vilevile. Kama rangi ingekua inapima jua wangebadilishana.

Alafu utaratibu wenyewe una vighairi. Mwishoni mwa Ufalme wa Kale kuna wanaume wenye vyeo wanaopakwa njano wanapoonyeshwa wazee na wanene, wameshatoka kwenye hekaheka za ujana. Zama za farao Akhenaten kwenye mji wake wa Amarna ndo kabisa, wanawake wengi wanapakwa kahawia nyekundu kama waume zao. Hata lile kichwa maarufu la mkewe, malkia Nefertiti, lililochimbuliwa Desemba 1912 kwenye karakana ya mchongaji Thutmose ni wekundu wa kahawia laini, sio njano ya Nofret. Watu hawakubadilika ngozi ndani ya kizazi kimoja, kilichobadilika ni mtindo.

Kwani mchoraji alikua na rangi ngapi mkononi?

Chache mno, na hili watu wanalisahau kabisa. Nyekundu na njano zilitoka kwenye udongo wenye chuma, nyekundu ndo ile ile jamii ya ngeu ambayo mafundi seremala walikua wanapigia mstari. Nyeusi ni masizi au mkaa. Nyeupe ni chokaa au jasi. Buluu ilibidi itengenezwe, unachoma mchanga, shaba, chokaa na magadi pamoja kwenye moto wa nyuzi 850 hadi 1000 hivi mpaka inakua kama kioo alafu unasaga, na kijani ni madini ya shaba au ni ndugu wa hiyo buluu. Baadae ikaongezeka njano kali inayong'aa yenye aseniki ndani. Basi, ndo boksi zima hilo. Gundi ilikua ya utomvu wa mti au ya wanyama.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa hatua na kwa timu. Kaburi la farao Horemheb kule Bonde la Wafalme halikumalizwa, kwa hiyo hatua zinaonekana ukutani wazi: kwanza wanapiga mistari ya miraba kwa uzi uliochovywa rangi nyekundu, mtu anachora kwa nyekundu, bosi anapita anarekebisha kwa nyeusi, ndo mchongaji anaingia. Mpaka rangi kupakwa, mtu mmoja anaweza kupita ukuta mzima anajaza miili kwa rangi moja iliyo kwenye chombo, bapa, bila kivuli, alafu mwingine anazungushia mstari wa mwisho. Sasa hapo mtu wa leo anachukua kifaa cha kompyuta, anapima rangi ya shavu la mtu ukutani, anailinganisha na chati ya ngozi, na mimi nabaki nashangaa anapima nini hasa maana anachopima ni chungu cha udongo wa siku ile.

Hatshepsut alikua mwanamke, mbona sanamu zake nyingine ni nyekundu?

Hii ndo kesi ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu kidogo.

Hatshepsut alitawala karibu 1479 hadi 1458 KK. Alianza kama mlezi wa mfalme mdogo, Thutmose wa 3, mtoto wa marehemu mumewe, alafu taratibu akajitangaza farao kamili mwenye taji na ndevu za bandia. Kwenye hekalu lake la Deir el-Bahari aliwekewa masanamu marefu ya mtindo wa Osiris, mungu wa wafu, amesimama amefungwa kama maiti mikono imekunjwa kifuani. Baada ya yeye kufa yalivunjwa na kutupwa, na wachimbaji wa makumbusho ya Metropolitani ya Nyuyoki wakaja kuyafukua vipande vipande miaka ya 1920.

Wataalamu walipoyapanga kufuata hatua za ujenzi wa hekalu kuna kitu kikatokea. Yale ya mwanzo ngozi yake ni njano, rangi ya mwanamke. Yanayofuata ni rangi ya chungwa, yaani katikati, kitu ambacho kwa utaratibu wa kawaida hakipo. Ya mwisho ni nyekundu kabisa, rangi ya mwanaume. Na sura nayo inabadilika inakua ya kifalme zaidi.

Ni mtu mmoja, hekalu moja, ndani ya utawala mmoja. Hakuna aliyeamini kwamba malkia amepata rangi kwa jua. Rangi ilikua inasema cheo chake kinavyosogea kutoka mke wa mfalme kuwa mfalme mwenyewe, na waliokua wanapita pale walielewa bila kuandikiwa. Sasa jiulize, ungekuta ile ya njano peke yake ungeandika nini? Ungekuta ile nyekundu tu je?

Zile sanamu mbili nyeusi za Tutankhamun si ushahidi wa rangi yake?

Ni ushahidi wa kitu, ila sio hicho. Kaburi lilifunguliwa 1922 na hizo mbili zilikua zimesimama zimetazamana mbele ya mlango uliozibwa wa chumba cha mazishi, karibu urefu wa mtu mzima, za mbao, ngozi imepakwa utomvu mweusi, na kilemba, sketi na mapambo yamevikwa dhahabu. Moja imeandikwa wazi kwamba ni *ka* ya mfalme, yule pacha wa roho anayebaki na marehemu, na inamwita mfalme Osiris. Weusi hapo ni wa Osiris, wa tope la mto Naili linalobaki baada ya mafuriko na kuotesha kila kitu, ni rangi ya aliyekufa atakayeamka.

Lakini usisimame hapo mlangoni, ingia ndani. Mfalme huyo huyo kwenye barakoa ana uso wa dhahabu, zaidi ya kilo 10, maana nyama ya miungu waliamini ni dhahabu. Kwenye kiti chake cha enzi ngozi yake ni kioo chekundu, na ya mkewe Ankhesenamun aliyesimama mbele yake nayo ni kioo chekundu hicho hicho (unaona Amarna haijaisha). Kwenye kile kiwiliwili cha mbao ambacho pengine kilikua cha kuvalishia nguo zake, uso ni kahawia nyekundu. Rangi tatu kwa kijana mmoja aliyekufa akiwa na miaka kama 19, kwenye kaburi moja, vitu vimefungiwa pamoja. Anayechukua ile nyeusi tu akaacha nyingine, na anayechukua ile kahawia tu akaacha nyeusi, wote wanafanya mchezo ule ule.

Na malkia Ahmose-Nefertari mbona anachorwa mweusi tii?

Huyu alikua mke wa Ahmose wa 1 na mama wa Amenhotep wa 1, mwanzoni mwa nasaba ya 18. Picha zake nyeusi nyingi sio za wakati wa uhai wake. Zimetoka kwa mafundi wa Deir el-Medina na jirani zao wa Thebe, wale waliokua wanachimba makaburi ya wafalme, ambao walimfanya yeye na mwanae kuwa walinzi wao, wakawaabudu kwa karne kadhaa. Ile picha nzuri iliyoko makumbusho ya Uingereza, kutoka kaburi la kuhani Kynebu, ilichorwa zaidi ya miaka 300 baada ya yeye kufa. Mchoraji hakuwahi kumuona, na bibi yake mchoraji hakuwahi kumuona.

Na kuna picha nyingine ambazo yuko njano au wekundu au hata buluu iliyoiva. Hiyo nyeusi inaendana na kazi yake kama mungu wa makaburini anayefufua. Je, inawezekana ngozi yake ya kweli ilikua nyeusi sana? Inawezekana, kwa nini isiwezekane, lakini hizo picha haziwezi kukwambia ndiyo wala hapana.

Buluu na kijani nazo?

Hizo ni za miungu: Osiris kijani au nyeusi, Ptah kijani, Amun kuanzia baada ya Amarna mara nyingi ni buluu. Hapa hakuna anayebishana, kila mtu anakubali haraka haraka kwamba ni ishara. Kinachonichekesha ni kwamba ukuta ni huo huo, mchoraji ni huyo huyo, Osiris wa kijani tunasema ishara, alafu mwanadamu aliyesimama pembeni yake tunasema hii sasa ni picha ya pasipoti.

Ile picha ya mataifa manne kwenye kaburi la Seti wa 1 si ndo inaonyesha mbari waziwazi?

Hii ndo inayozunguka kuliko zote. Kaburi la farao Seti wa 1 liligunduliwa na Giovanni Belzoni Oktoba 1817. Ndani kuna kitabu cha safari ya jua usiku, kinaitwa Kitabu cha Malango, na sehemu moja kuna watu wamepangwa wanne wanne: Wamisri, Waasia, Wanubi wa kusini na Walibya. Wamisri kahawia nyekundu, Wanubi weusi, Waasia wamepauka kwenda njano, Walibya weupe zaidi wenye michoro mwilini na manyoya kichwani. Mtu wa leo akiona anaruka moja kwa moja, haya, mbari nne hizo hapo!

Taratibu kwanza. Ukiangalia kilichowatofautisha sio rangi peke yake, ni nywele, ndevu, nguo, mapambo na jina lililoandikwa. Ni watu wa pande za nchi: kusini, mashariki, magharibi, na sisi katikati. Na maandishi yanaongea nini? Mungu Horus anawaambia wote kwamba wana chanzo cha kimungu na mahali kwenye ulimwengu wa wafu, Waasia na Walibya wanalindwa na mungu mke Sekhmet, Wanubi wako chini ya Horus mwenyewe. Ni picha ya dunia nzima ikiwa chini ya jua. Hakuna mahali inapopanga watu kwa damu au kwa akili, hayo tumeyaleta sisi.

Na kitu kingine, picha nyingi unazoziona ni nakala zilizochorwa kwa mkono na Wazungu karne ya 19, nyingine za mapema kama 1820, na kila mnakili alichanganya rangi zake za maji alivyoona inafaa. Ukuta wenyewe umeumia, watu walikua wanabandika karatasi mbichi ili kutoa chapa ya michongo na rangi inabanduka nayo. Kwa hiyo kabla hujabishana kuhusu kivuli cha kahawia angalia kwanza kama unaangalia ukuta au unaangalia litografia.

Sawa, lakini Mnubi si daima anachorwa mweusi?

Sio daima, na hapa pana utamu. Nenda kaburi la Huy, gavana wa Misri huko Kushi, yaani Nubia, wakati wa Tutankhamun, kule Thebe. Kuna wakuu wa Nubia wanaleta kodi, dhahabu kwa mapete, wamevaa ngozi za chui na manyoya kichwani. Waangalie kwa mstari: mmoja mweusi, anayefuata kahawia nyekundu, tena mweusi. Ndugu wa nchi moja! Sababu kubwa ni ya kiufundi, watu wakipishana kwa karibu ukiwapaka rangi moja wanakua donge moja, kwa hiyo unabadilishabadilisha ili jicho liwahesabu. Hata farasi waliopangwa pamoja wanafanyiwa hivo hivo, na Wamisri wenyewe wakiwa wengi kwenye mstari mmoja anakolezwa na mwingine anapunguzwa.

Kati ya hao wakuu yupo mmoja ametajwa jina, Hekanefer, mkuu wa Miam, mahali panapoitwa Aniba siku hizi. Kwa Huy amepiga magoti amevaa Kinubi kabisa. Kaburi lake mwenyewe lilichimbuliwa Toshka miaka ya 1960 wakati bwawa la Aswani linakaribia kuzamisha eneo, na lilikua la mtindo wa Misri, vyeo vya Kimisri, na sanamu zake ndogo za kaburini zina sura na mavazi ya Kimisri. Kwa Huy alihitajika mgeni anayeleta kodi, kwake alikua bwana mkubwa wa ikulu. Mtu ni yule yule.

Alafu ongeza hii: karibu 650 KK, mfalme wa Kushi Tantamani, mtu wa Sudani ya leo, amezikwa El-Kurru na ndani ya kaburi amechorwa na wachoraji wake mwenyewe, nyumbani kwake, kahawia nyekundu. Kama nyeusi ilikua alama ya lazima ya Mnubi hapo ndo pangekua mahali pa kuiweka. Lakini yeye alikua farao kwenye picha yake, na farao mwanaume anapakwa hivo.

Kwa hiyo unasema rangi hazina uhusiano wowote na watu halisi?

Hapana, huko ni kuvuka mpaka upande mwingine. Wachoraji walikua na macho. Walijua watu wa kusini kwa wastani ni weusi zaidi na watu wa Siria ni weupe zaidi, na walitumia hilo, walilikuza, wakalifanya alama. Mwanaume wa Kimisri kuwa kahawia nyekundu ina mashiko kwa watu wa bonde la Naili ambao hadi leo kutoka Delta mpaka Aswani wanakolea polepole bila mstari popote. Ninachosema ni kwamba alama ikishakua alama haiwezi tena kutumika kama kipimo cha mtu mmoja mmoja, na pili, hata kipimo kingekua sahihi, "mweusi" na "mweupe" wanaobishaniwa leo ni makundi yaliyotengenezwa juzi juzi kwenye historia ya utumwa na ukoloni. Ukimuuliza Rahotep wewe ni mweusi au mweupe asingeelewa swali, angejibu mimi ni mtu wa Misri na yule ni Mnubi na yule ni Mwasia, na humo Wamisri wa kila shedi waliingia kundi moja.

Nani alianza kuzisoma kama mbari?

Wako wengi ila waliofanya madhara makubwa ni daktari Josiah Nott wa Alabama, mwenyewe mmiliki wa watumwa, na George Gliddon aliyewahi kuwa makamu wa konseli wa Marekani Kairo. Mwaka 1854 walitoa kitabu kikubwa kilichojaa nakala za picha za makaburini wakidai kwamba mbari zimekua tofauti tangu mwanzo na mtu mweusi alikua mtumishi tangu enzi za mafarao. Mwaka huo huo Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alisimama akawajibu hadharani.

Upande mwingine yuko Cheikh Anta Diop wa Senegali, aliyepeleka hoja zake kwenye mkutano wa UNESCO Kairo mwaka 1974 kwamba Wamisri walikua weusi. Siwaweki kwenye mizani moja, Diop alikua anajibu uongo wa karne nzima uliokua umeitoa Misri kwenye Afrika, na alitumia pia lugha na vipimo vya ngozi za maiti. Lakini sehemu ile ya hoja inayotegemea picha ina udhaifu ule ule, ukuta haukuchorwa kujibu swali hilo.

Rangi zenyewe si zimebadilika kwa miaka yote hiyo?

Baadhi. Udongo mwekundu na njano ya chuma ni vigumu sana, vinakaa. Ile njano ya aseniki inapauka ikipigwa na mwanga, na nyekundu ya jamii yake inageuka njano yenyewe. Buluu inaweza kuharibika ikaenda kijani au ikawa nyeusi. Gundi ikizeeka inakolea, na moshi wa taa za wageni na wakazi waliowahi kuishi makaburini nao umo. Ngozi ya mwanamke iliyopakwa njano ya aseniki ikipauka unabaki na mtu mweupe ambaye mchoraji hakumchora.

Nikiangalia picha, niangalie nini basi kujua huyu ni wa wapi?

Anza na jina na cheo, Wamisri waliandika kila mahali. Kisha nywele na ndevu, kisha nguo, kisha anafanya nini: anatoa kodi, anapigana, anakula karamu. Rangi iwe ya mwisho. Chukua ule ukuta wa Hatshepsut wa safari ya Punti, nchi iliyokua huko upande wa Pembe ya Afrika. Parahu mkuu wa Punti amepakwa nyekundu kama Mmisri wa kawaida, kwa rangi tu ungempita. Kilichomtambulisha ni ndevu ndefu nyembamba, jina lake lililoandikwa pale, mkewe Ati mwenye mwili mkubwa aliyesimama nyuma yake, na nyuma yao nyumba za miguu mirefu zenye ngazi kati ya miti.